Kuuza na kuuzisha: usijifunze yote siku moja

Mtu anatoka Kinshasa, anafika Lubumbashi, anataka kujua Kiswahili cha soko. Rafiki yake anamuandikia mu kaye: kuuza ni kutoa franga upate kitu, kuuzisha ni kutoa kitu upate franga. (Mu Kiswahili cha vitabu, kuuza ni hiyo ya pili, lakini huku Katanga ndivyo batu banasema.) Anasoma yote mbili mangaribi. Asubuhi anamwambia mama wa unga: «Ninataka kuuzisha meka mbili.» Mama anamuangalia: unga yake iko wapi?

Shida haiko akili ya yule mtu. Shida ni namna maneno yamepangwa. Neno mupya linakamata mu kichwa kwa sauti yake na kwa maana yake. Haya mawili yanafanana kwa sauti, na maana zao ni za biashara moja. Basi yanakamata mahali pamoja na kuvutana. Mtu anakumbuka vizuri kwamba yote ni ya soko, anachosahau ni lipi ni lipi.

Mtafiti Thomas Tinkham alipima jambo hili mwaka 1993, kwa maneno ya kubuni. Batu waliopewa maneno ya ukoo moja, sawa shati, koti na sweta, walikawia kuyashika kuliko waliopewa yasiyohusiana, sawa mvua, motokari na chura. Mwaka 1997 alijaribu maneno ya hadithi moja: chura, kidimbwi, kuruka, kuogelea. Hayo yaliingia kwa urahisi, kwa sababu kila neno lina kazi yake, hakuna linalogombania kiti cha lingine.

Kwa hiyo mupange orodha kama hadithi: unga, meka, bei, kupima, mfuko, kuuza. Kwa maneno hayo mtu anaweza kusema kitu kizima: «Ninataka kuuza meka mbili za unga, bei gani?» Kuuzisha kungoje. Likingia siku ile kuuza linatoka mu kinywa bila kufikiri, litapata nafasi yake.

Ni vile vile kwa jana na kesho. Mu Lingala neno ni moja tu, lobi, kwa zote mbili. Mwenye kuzoea lobi akipewa jana na kesho pamoja, atakuja kwenye miadi siku isiyo yake. Apewe jana kwanza, na mambo yaliyopita.

Alama ya kujua kama maneno yamechanganyikana ni hii: mtu anajibu haraka, mara sawa, mara kinyume. Asiyejua kabisa ananyamaza. Akichanganya, muache neno moja kwa siku kadhaa, mushike lingine peke yake.

Kulinganisha si kubaya, lakini wakati wake ni mwishoni, wakati yote mbili yamekwisha kukomaa.