Siku Mbili Baada ya Matokeo

Alama mbaya ya mtihani humuuma kila anayeipata. Kinachowatofautisha watu ni nani bado anaumia keshokutwa yake. Mwaka 1987 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Gerald Metalsky, Lisa Halberstadt na Lyn Abramson, walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakisubiri majibu ya mtihani wa katikati ya muhula. Mapema kabisa walipima mazoea ya kila mwanafunzi ya kutafuta sababu pale mambo yanapomwendea vibaya, wakamuuliza pia ni alama gani ingemridhisha. Majibu yalipotoka wakapima hali yake ya moyo, na baada ya siku mbili wakaipima tena.

Mwanzoni huzuni ilifuata alama. Aliyepata pungufu ya alichotaka alinyong'onyea, awe na mazoea gani. Siku mbili baadaye alama peke yake haikutosha tena kueleza nani amekunja uso na nani anacheka na wenzake. Walioendelea kuinamisha kichwa walikuwa na mambo mawili kwa pamoja: alama mbaya, na mazoea ya kuamini kwamba mabaya yanaletwa na sababu zisizokwisha na zinazogusa kila kitu. Mazoea hayo bila alama mbaya hayakuwadhuru, na alama mbaya bila mazoea hayo iliuma kisha ikapita.

Nadharia iliyo nyuma ya uchunguzi huo iliandikwa mwaka 1978 na Abramson pamoja na Martin Seligman na John Teasdale. Walisema kwamba mtu akipatwa na baya hujiuliza kwa nini, na jibu lake linaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, sababu ni mimi au ni kitu cha nje yangu? Je, itadumu au itapita? Je, imeshika jambo hili moja tu au maisha yangu yote? Dodoso lililotokana na kazi hiyo lina matukio 12 ya kuwazia, sita mema na sita mabaya. Mojawapo ya mabaya ni kutafuta kazi kwa muda mrefu bila kuipata. Unaandika sababu kuu moja, kisha unaipa namba kuanzia 1 hadi 7 kwa kila swali. Anayelijaza haambiwi kama ana matumaini au hana. Maneno yake mwenyewe ndiyo yanayosema.

Tumchukue mama anayeuza mitumba. Amekopa, amenunua balo, amelifungua mbele ya wenzake, na nusu ya nguo zina madoa au zimechanika. Akisema, "Mimi sijui biashara, kila ninachogusa kinaharibika," amejibu maswali yote matatu kwa upande mzito: ni yeye, itakuwa hivyo daima, na si kwenye nguo tu. Kesho yake hata akiitwa kwenda kuangalia fremu ya bei nafuu hatakwenda, maana ameshajua mwisho wake. Akisema, "Balo hili nimelichukua kwa mtu nisiyemjua, na sikuuliza linatoka wapi," bado anajilaumu, na hasara ni ileile. Lakini kosa hilo lina mwisho, na lina cha kufanya: safari ijayo atauliza.

Hapo ndipo watu wengi huielewa nadharia hii kombo. Hudhani dawa ni kuacha kujilaumu na kumsukumia lawama mwingine. Lakini kati ya maswali yale matatu, la mimi au nje ndilo lililoonekana kuwa na uzito mdogo zaidi, na Abramson na wenzake walipoirekebisha nadharia mwaka 1989 mkazo uliwekwa kwenye kudumu na kuenea. Kwetu jambo hili lina mfano ulio wazi. Anayesema "nimelogwa" au "nyota yangu imefunikwa" hajajilaumu hata kidogo. Sababu iko nje kabisa. Ila imedumu, na imeshika biashara, ndoa na afya kwa mpigo. Kwa hesabu ya nadharia hii, maelezo hayo yanavunja moyo sawasawa na yale ya mama aliyesema kila anachogusa kinaharibika.

Je, mazoea haya yanaweza kumfikisha mtu kwenye sonona, ule ugonjwa wenyewe, au yanarefusha tu huzuni ya siku chache? Abramson na Lauren Alloy waliwafuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Temple na Wisconsin kwa miaka miwili na nusu. Kati ya waliokuwa hawajawahi kuugua, 17% ya wenye fikra za hatari walipata sonona kubwa, dhidi ya 1% ya wengine. Pengo ni kubwa, lakini makundi hayo yalichaguliwa kutoka ncha mbili zilizo mbali, na walio wengi katika kundi la hatari hawakuugua.

Upande wa pili wa jambo hili ni mbele, si nyuma. Mama yetu, kabla hajalifungua balo, alikuwa na hakika kwamba la kwake litakuwa zuri, ingawa alishaona ya wenzake yakitoka vibaya. Neil Weinstein alilionyesha hilo mwaka 1980: aliwauliza wanafunzi wa Marekani nafasi yao ya kupatwa na mambo kadhaa ikilinganishwa na ya wanafunzi wenzao. Kwa wastani kila mmoja alijiona ana nafasi kubwa zaidi ya kupata mema na ndogo zaidi ya kupatwa na mabaya, jambo lisilowezekana kwa wote kwa pamoja. Tali Sharot na wenzake walidai mwaka 2011 kwamba tunazipokea habari njema kuhusu maisha yetu kuliko mbaya. Wakosoaji wamejibu kwamba sehemu ya matokeo hayo inaweza kuzaliwa na namna hesabu ilivyofanywa, na mjadala huo haujafungwa.

Mazoea haya mawili hulishana. Anayeeleza kila hasara kuwa ni ya safari moja tu huendelea kutazamia mema, na moyo wake hupona upesi. Ila huo upesi una bei. Mama akisema "safari hii bahati haikuwa yangu" kwa balo la kwanza, la pili na la tano, kutoka kwa muuzaji yuleyule, moyo wake utakuwa salama na mtaji utakuwa umekwisha. Sababu ya kudumu ilikuwepo kweli, naye aliipita kila mara. Kwa maoni yangu watetezi wa matumaini hawalisemi hili kwa sauti ya kutosha.

Ndiyo maana matibabu ya sonona kwa njia ya fikra hayamfundishi mgonjwa maneno matamu. Humtaka aandike tukio, aandike sababu aliyojipa, kisha atafute ushahidi kama shahidi anayehojiwa mahakamani: ni kweli kila unachogusa kinaharibika? Mwezi uliopita uliuza nini? Wakati mwingine ushahidi huangusha sababu ile, na wakati mwingine huithibitisha, na hapo kazi inakuwa kubadili muuzaji badala ya kubadili wazo. Seligman mwenyewe, aliyeuza vitabu vingi vya matumaini, anashauri tupime kwanza gharama ya kukosea. Anayesita kumpigia mteja simu atakosea kwa bei ndogo, basi na ajipe moyo. Rubani anayejiuliza kama mabawa ya ndege yasafishwe barafu mara nyingine kabla ya kuruka, huyo na atazamie mabaya.