Usivute, Sukuma: Barua kwa Fundi Mwanagenzi

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hapa mezani, bodi ya simu ya yule mama muuza samaki ikiwa mbele ya kioo cha kukuzia. Jana ulifunga ukaondoka kimya, ukaniachia kapasita kwenye kifuniko cha soda. Nimeigeuza kwa sindano nikaona kijipande cha shaba kimeganda upande mmoja. Hicho si uchafu, ni pedi ya bodi. Umeondoka nayo.

Ugonjwa uliupata sawasawa, na hilo nakupongeza. Simu ilikuwa haipokei chaji, mita ikalia kati ya laini ya chaji na graundi, ukaifuata shoti mpaka kwenye kapasita yenyewe. Tatizo lilianza ulipokwenda kuing'oa.

Nadhani ilikuwa hivi. Uliishika kapasita kwa kibano, ukaweka ncha ya chuma cha kulehemia upande wa laini, lehemu ikayeyuka upesi. Ukahamia upande wa graundi, huko ikagoma. Ukakaza chuma, ukahesabu sekunde kumi, kumi na tano, huku kibano kikivuta. Graundi ilipoachia, upande wa laini ulikuwa umeshaganda tena. Kapasita ikainuka kama kifuniko cha sanduku chenye bawaba upande mmoja, na bawaba hiyo ikawa pedi.

Upande wa graundi haukugoma kwa ukaidi. Pedi yake imeungana na bamba pana la shaba lililotandazwa ndani ya bodi, na kila joto unalolitia linakimbilia huko. Pedi ya laini ni kisiwa kidogo, hupata moto haraka na kupoa haraka. Ukiwa na ncha moja nyembamba, ncha mbili za kapasita hazitayeyuka kwa wakati mmoja hata ukeshe.

Sasa fahamu pedi imeshikwa na nini. Ni karatasi ya shaba yenye unene wa takriban milimita 0.035 kwenye bodi za kawaida, na kwenye simu mara nyingi ni nyembamba kuliko hapo. Imegandishwa juu ya nyuzi za kioo kwa gundi ya epoksi. Kwenye bodi nyingi gundi hiyo huanza kulegea kati ya nyuzi 130 na 170 za Selsiasi. Lehemu yenye risasi, ile ya bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ya kiwandani haina risasi, kwa sababu Ulaya ilipiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006 na viwanda vikafuata. Hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 217. Ona basi: kabla lehemu haijayeyuka, gundi imeshalegea. Kila tunapolehemu, pedi inakuwa imeshikiliwa kidogo tu. Inavumilia joto la sekunde chache, lakini haivumilii kuvutwa ikiwa katika hali hiyo.

Kwa hiyo kazi nzima ni kuzifanya ncha zote mbili ziyeyuke pamoja, upesi, kisha kapasita iondoke bila kuvutwa. Mimi nafanya hivi.

Kwanza napaka flaksi ya kutosha. Kisha naongeza lehemu yetu yenye risasi kwenye ncha zote mbili, ichanganyike na ile ya kiwandani. Mchanganyiko huo huyeyuka kwa joto dogo kuliko ile ya kiwandani peke yake. Halafu nachukua bloa, naiweka mbali kidogo na kuizungusha mpaka eneo lote la bodi lipate joto la nyuzi 100 hivi. Sitaki kuyeyusha kitu hapo, nataka graundi ishibe joto ili isininyang'anye lile la chuma. Plastiki ya soketi ya chaji iliyo jirani naifunika kwa tepu ya kuzuia joto.

Kisha naweka ncha pana, ile bapa, si ile ya sindano uliyotumia jana. Mafundi wengi wachanga wanadhani kifaa kidogo kinataka ncha ndogo. Ncha nyembamba hupeleka joto polepole, ndiyo maana unajikuta unakandamiza na kukawia. Kapasita ile ni ya ukubwa wa 0603, urefu milimita 1.6 na upana 0.8, kwa hiyo ncha pana inailalia ubavuni na kugusa lehemu ya pande zote mbili kwa mara moja. Chuma kiwe kwenye nyuzi 350 hivi. Baada ya sekunde mbili au tatu, iguse kapasita kwa kibano, usiishike. Ikiteleza kama imeelea juu ya maji, iko tayari. Isukume pembeni itoke juu ya pedi. Isipoteleza, ondoa chuma, ongeza flaksi, acha bodi ipumue, anza tena. Hakuna hatua yoyote ya kunyanyua.

Pedi nyingine nyingi hufa wakati wa kusafisha, kazi ikiwa imeshakwisha. Utambi wa shaba ukiwekwa juu ya pedi na chuma juu yake, hunyonya lehemu vizuri. Lakini ukitoa chuma kwanza, lehemu inaganda na utambi unabaki umeshikamana na pedi. Ukiuvuta, unaondoka nayo. Inua utambi na chuma kwa pamoja, kwenda juu, bila kukwangua. Na ukate kipande kilichojaa, maana shaba iliyojaa lehemu inakula joto bila kunyonya kitu.

Kapasita mpya ikija, tia lehemu kwenye pedi moja tu. Iyeyushe, isogeze kapasita ikae humo, toa chuma, subiri igande. Ndipo ulehemu upande wa pili. Usiikandamize, kapasita hizi ni za kauri na hupasuka ndani bila wewe kuona.

Tukirudi kwa simu ya mama: chini ya kioo, mahali pa pedi panaonekana nyuzi za kioo za rangi ya kahawia, bila mng'ao. Pedi iliyolegea tu ungeijua kwa kuigusa kwa sindano, hutikisika. Nilipima nikakuta laini ya chaji ilikuwa ikipita kwenye pedi hiyo kuelekea kwenye aisi ya chaji, kwa hiyo shoti iliondoka lakini njia nayo ikakatika. Nilikwangua rangi ya kijani pande zote mbili za pengo mpaka shaba ikang'aa, nikaipaka lehemu, nikavusha jampa. Waya wa milimita 0.1 tunaoutumia kwenye laini za data niliuacha. Hapa hupita ampea moja au mbili, nikatumia wa 0.3. Kapasita mpya nimeilehemu upande mmoja juu ya jampa hiyo na upande wa pili kwenye pedi ya graundi, kisha nikaifunika kwa rangi ya kukaushwa na taa ya zambarau. Simu inachaji. Mama atapigiwa simu leo, na nitamweleza kuwa bodi ina jampa, ajue.

Kwenye boksi chini ya meza kuna bodi kumi za simu zilizokufa. Chukua moja, utoe kapasita ishirini, kumi kati yake ziwe zile zilizoshikana na graundi pana. Niletee bodi na kapasita zote. Nitazigeuza moja moja kuangalia tumbo lake, na nikikuta shaba hata kwenye moja, utachukua bodi nyingine.

Ni mimi, fundi wako.