Kazi ya Mteja wa Ng'ambo: Andika Masharti Kabla ya Kuanza

Wakazi wanaofanya kazi za mtandaoni hufika wakilalamika kuhusu wateja wa ng'ambo waliopokea kazi kisha wakanyamaza. Mara nyingi makubaliano yote yalikuwa sentensi moja: "Naweza kuifanya."

Chukua mfano wa mkazi anayeombwa na mtafiti wa Marekani kunukuu mahojiano ya Kiswahili ya saa 10, yaani dakika 600. Kabla ya kufungua faili ya kwanza, anamtumia mteja barua pepe fupi ya Kiingereza yenye maana hii:

"Nitanukuu dakika 600 za sauti kwa Kiswahili. Tafsiri haimo. Bei ni dola 1 kwa kila dakika ya sauti, jumla dola 600. Nitatuma kazi kwa mafungu matatu ya dakika 200. Nitaanza nikipokea dola 180, kisha nitalipwa dola 140 baada ya kila fungu, na fungu linalofuata nitalituma malipo hayo yakishaingia. Makosa yangu ya kusikia nitayarekebisha bila malipo, mradi nielezwe ndani ya siku 7. Ombi jipya lina bei yake. Ada za kutuma pesa ni juu yako. Ukikubali, tafadhali jibu barua hii."

Neno "dakika ya sauti" lisiachwe. Saa moja ya mazungumzo huweza kuchukua saa nne au zaidi kuandika, hasa watu wakizungumza kwa pamoja. Mteja akidhani analipia dakika za kazi, mtagombana mwishoni. Tafsiri nayo itajwe, kwa sababu ndiyo huombwa baadaye kana kwamba ni marekebisho madogo tu.

Mgao wa malipo ndio kinga yenyewe. Mteja akitoweka baada ya fungu la kwanza, mkazi huyu ametuma kazi ya dola 200 na tayari ameshika dola 180. Hasara yake ni dola 20. Angesubiri kulipwa mwishoni, angepoteza dola 600. Kumshtaki mtu aliye nchi nyingine kwa kiasi hicho ni gharama kuliko deni lenyewe, kwa hivyo usitegemee barua pekee.

Kuhusu ada, PayPal hukata yake pesa zinapoingia, na dola hubadilishwa kuwa shilingi unapozihamishia M-Pesa. Hesabu kile kitakachofika kwenye simu, kisha ndipo utaje bei.

Jambo dogo lakini huvuruga: tarehe ya mwisho iandikwe kwa saa za Nairobi. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi.

Mteja akijibu "tutazungumza malipo baadaye", hajakubali. Usianze.