Salamu za Idd: Si kila aliye katika simu yako wa kutumiwa maneno yale yale

MWEZI wa Ramadhani unapokaribia kwisha, wakazi wengi wa Garissa hutunga ujumbe mmoja wa salamu na kuutuma kwa kila jina lililo katika simu. Saa chache baadaye mwalimu Mkristo aliyehamishwa kutoka Kitui huona akiombewa saumu yake ikubaliwe, naye mjane aliyezika mumewe mwezi jana huombwa asherehekee kwa shangwe.

Dawa yake ni kuyapanga majina katika makundi kabla ya kuandika neno lolote. Tuchukue mfano wa mwenye duka la nguo katika soko la Mugdi, ambaye simu yake ina majina 210. Hatua ya kwanza ni kuwatoa wasiohitaji salamu: madereva wa mara moja, mawakala, nambari zisizotumika tena. Tuseme hao ni 58. Wamebaki 152.

Kundi la kwanza kuchaguliwa liwe la waliofiwa, ingawa ndilo dogo kuliko yote. Sababu ni kwamba watu hao pia ni wateja, majirani au wazee, na wasipotengwa mapema watanaswa na kundi jingine. Hapo pia ndipo utakapogundua nambari ya marehemu mwenyewe, ambayo huenda simu yake sasa inashikwa na mkewe. Mfanyabiashara wetu anapata sita. Hawa hawatumiwi ujumbe wa pamoja, anawapigia simu au anamwandikia kila mmoja kwa jina: "Poleni kwa Idd hii ya kwanza bila Mzee. Mwenyezi Mungu amrehemu, nanyi awape subira."

Wazee na mashekhe ni 21. Kwao salamu huanza kwa "Assalaam aleikum" na kuendelea kwa dua, bila kutaja bei ya kanzu. Marafiki na wateja Waislamu ni 74, na wengi wao watafurahia "Ciid wanaagsan" ya Kisomali. Wasio Waislamu ni 39: walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wafanyabiashara kutoka bara. Hao usiwaombee malipo ya saumu ambayo hawakufunga. Inatosha kuandika: "Sikukuu yetu ya Idd imewadia. Nakutakia wewe na jamaa yako mapumziko mema." Ukiongeza "karibuni chakula cha mchana", hakikisha umechinja, kwani huenda wakaja wote.

Wamesalia 12 ambao hana hakika nao. Kosa la kawaida ni kuwagawa kwa majina. Wapo Waislamu wenye majina ya bara, na wapo Wakristo wa pwani ambao majina yao yangekufanya udhani vingine. Asiyejulikana apewe salamu ile ya 39, kwani haimkosei yeyote.

Katika Google Contacts kila kundi hupewa lebo yake, lakini programu hiyo hukubali mtu mmoja awe na lebo mbili, naye atapokea salamu mara mbili. Jumlisha makundi: 6, 21, 74, 39 na 12 ni 152. Ikizidi hapo, kuna aliyerudiwa.

Kwa WhatsApp, tumia orodha ya "Broadcast" badala ya kuunda kundi la mazungumzo, ili wapokeaji wasionane. Orodha moja huchukua watu 256, ila ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi nambari yako. Fungua "Message info" baada ya siku moja au mbili. Ambaye jina lake halimo miongoni mwa waliofikiwa, mtumie ujumbe mfupi wa kawaida.

Ujumbe huo wa kawaida una herufi 160. Ukitia hata neno moja la maandishi ya Kiarabu, au kikaragosi cha mwezi, nafasi hushuka hadi herufi 70, na salamu yako hukatwa na kulipiwa kama jumbe mbili au tatu. Kisomali hakina taabu hiyo, kwa kuwa tangu mwaka wa 1972 huandikwa kwa herufi za Kilatini.

Neno "leo" liepukwe. Wapo wanaosubiri tangazo la Kadhi Mkuu na wapo wanaofuata mwandamo wa Saudi Arabia, hivyo ndugu wawili wa Wajir na Garissa wanaweza kuswali Idd siku tofauti.

Wakristo wanaotuma salamu za Pasaka mjini humu wana kundi jingine la kutenga. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, lilitokea Aprili 2, 2015, Alhamisi ya kuelekea Pasaka. Mzazi aliyempoteza mtoto siku hiyo, au mwenzake aliyenusurika, asiwekwe katika orodha ya "furaha tele". Mwandikie peke yake, umtaje mtoto wake kwa jina.