Kuandika Upya Matangazo ya Mtandaoni kwa Sauti Moja ya Biashara

Katika mada ya rejesta ulijifunza kwamba lugha hubadilika kulingana na mahali, mada na uhusiano wa wanaowasiliana. Swali lifuatalo linapima kama unaweza kuutumia ujuzi huo.

Swali

Mama mmoja anauza kahawa ya kusaga dukani kwake Kayanga, wilayani Karagwe. Kila Jumatano asubuhi hupeleka mzigo Nkwenda, wilayani Kyerwa. Ukurasa wake wa mtandaoni huandikwa na yeye, kijana wake na msaidizi wa duka. Yaandike upya matangazo haya yawe na sauti moja.

(a) "Mambo vp wadau! Kahawa ipooo, noma sana, elf 5 tu pakti. Inboksi fasta."

(b) "Wateja watukufu, mnaarifiwa kwamba mzigo utawasili Nkwenda J5 saa 2."

(c) "Jamani mbona mnauliza bei halafu mnapotea? Pakti ni robo kilo, sio ndogo kama mnavyosema!"

Hatua ya kwanza: tenga taarifa na namna ya kusema

Orodhesha kwanza mambo ambayo mteja anapaswa kuyajua: bidhaa, uzito, bei, mahali, siku na saa. Utaona kwamba tangazo (a) lina bei lakini halina uzito, na (c) lina uzito lakini halina bei. Huenda hii ndiyo sababu ya wateja "kupotea". Aliyesoma (a) peke yake hakujua shilingi 5,000 zinanunua kahawa kiasi gani. Lawama iliyomo katika (c) inatokana na upungufu wa (a), hivyo dawa yake ni kuweka bei na uzito pamoja katika kila tangazo.

Hatua ya pili: amua sauti

Sasa hivi wanasikika watu watatu: kijana wa kijiweni, karani wa ofisi na muuzaji aliyekasirika. Chagua mmoja na umfuate. Kwa duka hili tunaamua mambo matatu. Duka litajiita "sisi", na msomaji ataitwa "mteja wetu" katika umoja. Maneno yataandikwa kwa ukamilifu: "pakiti", "Jumatano", "saa 2 asubuhi". Bei itatajwa pamoja na uzito na aina ya fedha. Hili la fedha lina maana kubwa Kyerwa, kwa kuwa wilaya hiyo inapakana na Uganda na watu huvuka mpaka pale Murongo. Nchi zote mbili hutumia shilingi, lakini thamani zake si sawa. Kwa hiyo "elf 5" inaweza kusomwa kwa namna mbili.

Hatua ya tatu: andika upya

(a) "Karibu, mteja wetu. Kahawa ya kusaga ipo dukani kwetu Kayanga. Pakiti ya gramu 250 ni shilingi 5,000 za Tanzania. Ukitaka kuagiza, tuandikie ujumbe kupitia ukurasa huu."

(b) "Mteja wetu wa Nkwenda, tutakuletea kahawa ya kusaga siku ya Jumatano, saa 2 asubuhi. Pakiti ya gramu 250 ni shilingi 5,000 za Tanzania."

(c) "Mteja wetu, asante kwa kutuuliza kuhusu bei na uzito. Kila pakiti ina gramu 250, na bei yake ni shilingi 5,000 za Tanzania."

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba lugha rasmi ndiyo lugha ya kiofisi. Tangazo (b) la awali halina msimu hata mmoja, lakini "mnaarifiwa" linamfanya mteja aone kama anasoma barua ya serikali. Neno "karibu" ni la adabu, na bado lina ukarimu wa dukani.

Kosa la pili ni kuongeza sifa ambazo hukupewa. Ukigeuza "noma sana" kuwa "kahawa bora kuliko zote Kagera", umetoa dai ambalo mwenye duka hawezi kulithibitisha. Msimu huo unaonyesha shauku tu, hautoi taarifa. Unaweza kuuacha bila kupoteza chochote.

Jinsi ya kujipima

Changanya matangazo yako matatu, kisha mpe mwenzako ayasome. Akiweza kutambua lipi lilikuwa la kijana na lipi la karani, sauti bado haijawa moja. Halafu muulize bei, uzito na mahali. Akishindwa kujibu, kuna taarifa umeipoteza ulipokuwa ukirekebisha lugha.

Zoezi

Andika upya tangazo hili kwa sauti ya duka hilohilo, kisha utaje taarifa mbili unazopaswa kumuuliza mwenye duka kabla ya kulichapisha: "Oya, J1 hatupo, msije mkalalamika!"