Kuskani Picha za Karatasi kwa Usomaji wa Majina ya Kanga: Vipimo Vinavyohifadhi Taarifa kabla ya Picha Kuboreshwa

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa majina ya kanga hutegemea sana picha za familia. Kanga yenyewe huchakaa, hugeuzwa mbeleko, kisha huishia kuwa kitambaa cha kufutia vumbi. Lakini picha ya bibi aliyeivaa hubaki katika albamu kwa miaka mingi. Jina la kanga, yaani maandishi yaliyopo juu ya pindo la chini, mara nyingi huonekana katika picha hizo, japo kwa herufi ndogo mno. Hivyo mtafiti huiskani picha, huikuza, huongeza utofauti wa weusi na weupe, kisha hujaribu kusoma.

Makala haya yanafafanua hatua moja tu ya kazi hiyo: uchaguzi wa vipimo vya skana. Hoja kuu ni kwamba programu ya kuboresha picha haiwezi kurudisha kile ambacho skana haikukichukua. Inachoweza kufanya ni kudhihirisha taarifa zilizomo au kujaza pengo kwa kukisia, na herufi iliyokisiwa si data. Hoja hii inaelezwa kupitia picha moja iliyomkumba mwandishi wakati wa ukusanyaji wa data.

2.0 Picha Iliyochunguzwa

Picha hiyo ni ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye ukubwa wa sentimita 6 kwa 9, na imefifia na kuwa ya manjano. Inaonesha wanawake watatu waliosimama mbele ya nyumba. Mmoja wao amevaa kanga ambayo neno la mwisho la jina lake lilikuwa kiini cha uchambuzi. Mara ya kwanza picha iliskaniwa katika duka la kutoa nakala kwa pikseli 300 kwa inchi, ikahifadhiwa katika faili la JPEG, kisha ikarudishwa kwa wenyewe. Miezi kadhaa baadaye, faili lilipokuzwa, neno la mwisho liliweza kusomwa kama WENZA au kama WENYE. Maneno haya mawili yanatoa tafsiri mbili tofauti: la kwanza linawalenga wenzi, la pili wamiliki. Wakati huo picha yenyewe ilikuwa imelowa mvua na kugandamana na kioo cha fremu. Faili ndilo lililobaki, nalo halikuweza kuamua.

3.0 Idadi ya Pikseli kwa Inchi

Kipimo hiki hakichaguliwi kwa mazoea, bali hukokotolewa kutokana na kitu kidogo kabisa ambacho mtafiti anataka kukiona. Mwanamke mwenye kimo cha takriban sentimita 160 ana urefu wa sentimita 4 katika picha hii. Kwa hiyo kila kitu kimepunguzwa mara 40. Herufi yenye kimo cha milimita 24 katika kanga inakuwa na milimita 0.6 katika picha, na mstari wa herufi wenye unene wa milimita 4 unakuwa na milimita 0.1.

Ili mstari uonekane ni lazima nafasi iliyo kando yake nayo ionekane. Jozi ya mstari na nafasi katika picha hii ina upana wa milimita 0.2. Kanuni ya uchukuaji wa sampuli inadai zaidi ya pikseli mbili kwa kila jozi. Katika kazi halisi, pikseli mbili hazitoshi, kwa sababu lenzi ya skana hufifisha kingo na mistari ya herufi haijipangi sawasawa na safu za pikseli. Pikseli nne kwa kila jozi ni kiwango cha chini kinachofaa. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, hesabu ni hii:

4 × 25.4 ÷ 0.2 = 508

Kipimo cha juu kinachofuata katika skana nyingi ni 600. Kwa kipimo hicho, jozi moja hupata pikseli 4.7, na herufi nzima hupata kimo cha pikseli 14. Kwa kipimo cha 300 kilichotumika dukani, jozi ilipata pikseli 2.4 na herufi pikseli 7 tu. Mkono wa Z na tawi la Y vilimezwa katika pikseli zilezile.

Je, kwa nini basi tusiskani kwa kipimo kikubwa kabisa? Kwanza, skana nyingi huorodhesha vipimo vinavyozidi uwezo wa lenzi na kihisi chake. Pikseli za ziada hutengenezwa na programu kwa kukisia thamani zilizo katikati ya pikseli halisi. Mtafiti atafute katika kijitabu cha mashine kipimo cha kiopitiki, yaani kile kinachofikiwa na lenzi na kihisi vyenyewe, na asikivuke. Pili, karatasi yenyewe ina kikomo. Picha iliyosafishwa ikiwa na ukungu wa lenzi ya kamera haitanufaika kwa kuskaniwa kwa 2400. Kinachoongezeka ni chembe za karatasi na uzito wa faili.

Kikomo hicho kinaweza kupimwa. Eneo lenye maandishi huskaniwa kwa 1200, hukatwa kuwa mraba wenye pikseli shufwa kila upande, kwa mfano 800 kwa 800, kisha hupunguzwa hadi nusu na kurejeshwa katika ukubwa wa awali. Tofauti kati ya mraba wa awali na uliorejeshwa ndiyo taarifa pekee ambayo 1200 imeiongeza juu ya 600. Kwa programu ya ImageMagick amri ni hizi:

```
magick asili.tif -resize 50% -resize 200% rejeo.tif
magick asili.tif rejeo.tif -compose difference -composite -evaluate multiply 8 tofauti.png
```

Ikiwa picha ya tofauti inaonesha chengachenga zilizotapakaa sawasawa, basi 600 inatosha. Ikiwa inaonesha mifuo ya herufi, basi 1200 imebeba taarifa halisi na inapaswa kutumika.

4.0 Kina cha Biti na Rangi

Picha iliyofifia haitumii wigo wote wa weusi na weupe. Katika faili la biti 8, kila chaneli ina ngazi 256. Faili la dukani lilikuwa na sehemu nyeusi kabisa katika ngazi ya 85 na nyeupe kabisa katika 195, yaani ngazi 110 tu kwa picha nzima. Herufi na kitambaa vilitofautiana kwa ngazi 12 hivi. Utofauti huo unapotanuliwa, ngazi 12 hubaki 12. Zinasogezwa mbali tu, na kati yake hubaki mapengo. Dalili yake huonekana katika histogramu, ambayo hugeuka kuwa kama meno ya kitana, na katika picha yenyewe, ambapo kivuli laini cha shavu huwa mabaka yenye kingo.

Katika faili la biti 16 kwa kila chaneli, tofauti hiyohiyo huchukua zaidi ya ngazi 3,000. Ni kweli kwamba kihisi cha skana huenda kisiwe na uwezo halisi unaozidi biti 12 au 14, na baadhi ya ngazi hizo ni chengachenga. Hata hivyo, kinachobaki ni kingi mara nyingi kuliko ngazi 12.

Vilevile, picha nyeusi na nyeupe iliyofifia iskaniwe kwa rangi, yaani biti 48 kwa jumla. Wino wa picha unaogeuka manjano hufyonza mwanga wa buluu, kwa hiyo maandishi yaliyokaribia kutoweka machoni huonekana meusi zaidi katika chaneli ya buluu. Kinyume chake, doa la manjano lililofunika maandishi hupungua katika chaneli nyekundu. Anayeskani kwa kijivu tangu mwanzo hujinyima uchaguzi huo, na hakuna programu itakayomrudishia.

5.0 Mipangilio ya Kuzimwa

Programu nyingi za skana huja zikiwa zimewashwa marekebisho ya moja kwa moja. Unoaji wa kingo huchora mstari mweupe kando ya kila mstari mweusi, na katika herufi ya pikseli 14 mstari huo huweza kuziba nafasi ya ndani. Uondoaji wa vumbi ni hatari zaidi: katika picha ya karatasi, programu hukisia kwa umbo kwamba nukta ndogo ni uchafu, hivyo huweza kufuta nukta ya herufi i. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kabla ya kuskani. Mwangaza wa moja kwa moja nao uzimwe, na mipaka ya weusi na weupe iwekwe nje kidogo ya ncha zote mbili za histogramu, ili pasiwe na sehemu iliyokatwa. Picha itaonekana imepooza kwenye kioo cha kompyuta. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Faili lihifadhiwe katika TIFF. JPEG huhifadhi biti 8 tu na hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Herufi ya pikseli 7 hutoshea ndani ya kipande kimoja, na hapo ubanaji huharibu hasa kile tunachokitafuta. Kwa picha ya sentimita 6 kwa 9, faili la 600 lenye biti 48 lina takriban megabaiti 18, na la 1200 megabaiti 72. Nakala kuu isiguswe. Uboreshaji wote ufanyike katika nakala yake.

6.0 Matokeo na Mipaka

Nakala ya pili ya picha ileile, iliyosafishwa kutoka filamu hiyohiyo na kwa ukubwa uleule, ilipatikana kwa mdogo wa marehemu. Iliskaniwa kwa 600 na 1200, biti 48, marekebisho yote yakiwa yamezimwa. Jaribio la kifungu cha 3.0 lilionesha chengachenga pamoja na alama hafifu za kingo za herufi, hivyo faili la 1200 likawa nakala kuu. Katika chaneli ya buluu, baada ya utofauti kutanuliwa, neno lilisomeka WENYE, na wasomaji wawili wasioambiwa lolote kuhusu uwezekano wa kwanza walilisoma hivyohivyo.

Neno la pili katika jina hilo halikusomeka. Kitambaa kimekunjika mahali hapo na herufi tatu zimo ndani ya kunjo. Kipimo cha 2400 hakikuongeza chochote, kwa kuwa filamu yenyewe haikuziona. Katika tasnifu, nafasi hiyo imeachwa wazi kwa mabano, na tafsiri ya jina imejengwa juu ya maneno yanayosomeka pekee. Kila picha iliyotumika imeambatanishwa na kumbukumbu ya kipimo, kina cha biti na chaneli iliyosomwa, ili mtahini aweze kurudia usomaji huo kutoka nakala kuu na kuukubali au kuukataa.