Chapati ya maji ya kwanza haina sababu ya kuharibika

Warusi wana msemo kwamba chapati ya kwanza ya maji hutoka donge. Huku kwetu hatuna msemo, ila tuna desturi: ya kwanza hupewa mtoto anayezubaa karibu na jiko, halafu ndipo kazi inahesabika kuwa imeanza. Wapishi wengi wameshakubali hasara hiyo kama sehemu ya mapishi. Mimi siikubali, kwa sababu chapati ya kwanza huharibika kwa mambo mawili yanayojulikana: unga uliokorogwa haujapumzika, na kikaango hakijapata moto wake. Yote mawili yanarekebishika kabla hujamimina upawa wa kwanza.

Tuanze na unga. Kwa chapati 12 hivi za kikaango cha sentimita 22, chukua vikombe 2 vya unga mweupe wa ngano, yaani kama gramu 250, mayai 2, maziwa kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, mafuta vijiko vikubwa 2, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi nusu kijiko cha chai, na iliki kiasi unachopenda. Usimwage maziwa yote kwa mkupuo. Weka unga, chumvi na sukari kwenye bakuli, tia mayai na nusu kikombe cha maziwa, ukoroge mpaka upate rojo zito lililo laini. Rojo zito husuguana na mwiko, na madonge husagika. Katika rojo jepesi madonge huelea na kuukimbia mwiko. Likishalainika, ongeza maziwa yaliyobaki kidogo kidogo, kisha maji na mafuta.

Sasa funika bakuli, uliache kwa nusu saa. Ndani ya muda huo yanatokea mambo matatu. La kwanza, chembe za wanga zinakunywa maji na kuvimba, nazo hazifanyi hivyo mara moja. La pili, gluteni inalegea. Gluteni ni utando unaovutika, unaotokana na protini za ngano zinapokutana na maji, na kila unavyokoroga ndivyo unavyozidi kukaza. Ukipika papo hapo, utando huo bado umejikaza, kwa hiyo chapati inajivuta kikaangoni na kuwa ngumu kutafuna kama mpira. La tatu, mapovu ya hewa yaliyoingia wakati wa kukoroga yanapanda juu na kupasuka. Yasipotoka, ndiyo yanayoacha matundu na sehemu dhaifu zinazochanika unapogeuza.

Baada ya nusu saa utaona rojo limekuwa zito kuliko ulivyoliacha. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanamimina lilivyo, na ya kwanza inatoka nene, mbichi katikati. Ongeza maji kijiko kimoja kikubwa kwa wakati mmoja, kwa kawaida viwili hadi vinne, mpaka liwe kama uji mwepesi. Chovya mwiko, uutoe, kisha pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi kwa muda kidogo, halafu kingo zake zikaanza kuteremka taratibu, uzito umefika. Mstari ukifunga papo hapo, rojo ni jepesi mno. Ukibaki umesimama bila kusogea, bado ni zito.

Kama unapenda vitunguu au pilipili hoho ndani, vitie wakati huu, usivitie mwanzoni. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, na zikilala ndani ya rojo kwa nusu saa zitalibadilisha uzito tena. Ukitaka kulaza rojo hadi asubuhi, liweke kwenye friji, maana mayai na maziwa hayafai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na katika joto la pwani ni bora hata zisifike. Likitoka kwenye friji, likoroge, uliache lipunguze baridi yake kidogo. Rojo la baridi kali huushusha moto wa kikaango kila unapomimina.

Tukija kwenye moto, kosa kubwa ni haraka. Jiko la gesi huchoma kikaango kwa umbo la duara la moto wake, na jiko la mkaa huchoma pale makaa yalipojazana. Ukimimina mapema, utapata chapati iliyoungua sehemu moja na nyeupe sehemu nyingine. Kwenye mkaa, subiri makaa yashike jivu jeupe, kisha yasambaze. Kikaango cha chuma kizito kipe dakika tano juu ya moto wa wastani. Kile kisichogandisha kipe dakika mbili tu, kwani hakipendi kuwa kitupu juu ya moto mkali.

Kisha dondosha tone la maji. Likikaa kimya na kuanza kutoa mvuke polepole, moto bado. Likichachatika na kukauka ndani ya sekunde moja au mbili, moto ndio huo. Likigeuka kijigololi kinachokimbia huku na huko bila kukauka, kikaango kimepita kiasi kwa chapati nyembamba: mvuke umeshajitandika chini ya tone na kulibeba. Rojo likikutana na moto wa namna hiyo huganda kabla halijatandaa, na hutoboka matundu. Kiondoe jikoni kwa nusu dakika, upunguze moto.

Mafuta nayo yana lawama yake. Mafuta yakituama, rojo hukaangika juu yake badala ya kushika chuma, na chapati hutoka na mabaka. Chovya kitunguu kilichokatwa nusu ndani ya mafuta, upanguse nacho kikaango mpaka kibaki kinang'aa tu.

Sasa jaribu kwa kijiko kimoja cha rojo, katikati ya kikaango. Hiki kijichapati ndicho kinachobeba mzigo ambao chapati ya kwanza hubebeshwa bure. Kigeuze baada ya sekunde 40 hivi. Kikiwa na rangi ya dhahabu, endelea. Kikiwa cheupe na kikavu, ongeza moto, kwa sababu chapati inayokawia kupata rangi hukauka na kukakamaa. Kikiwa na weusi, punguza. Kikiwa kinene, rudisha kijiko cha maji kwenye rojo.

Ndipo unyanyue kikaango, umimine robo kikombe, na uzungushe mkono hapo hapo mpaka rojo lifike ukingoni. Usiguse tena. Mng'ao wa juu ukishapotea na kingo zikaanza kujinyanyua zenyewe, kwa kawaida baada ya dakika moja, geuza. Upande wa pili hautaki zaidi ya nusu dakika. Chapati inayogoma kutoka haijaiva chini. Ukiilazimisha, itachanika.

Pankeki nene zina sheria nyingine. Zinategemea bekingi pauda, ambayo huanza kutoa gesi mara inapolowa, kwa hiyo rojo lake hupumzishwa dakika kumi tu, na vidonge vidogo vinavyobaki si tatizo. Moto wake ni wa chini zaidi, ili katikati ipate muda wa kuiva. Geuza mapovu ya juu yanapopasuka na vitundu vyake kubaki wazi.

Kumbuka kwamba kikaango huendelea kukusanya joto. Kufikia chapati ya nne au ya tano, moto uliokuwa sawa mwanzoni utakuwa umezidi, na dalili ni rojo kutoboka matundu unapomimina. Punguza moto hapo hapo, pangusa tena kwa kitunguu, na uzipange zilizoiva juu ya sahani, moja juu ya nyingine, chini ya kifuniko. Mvuke wake utalainisha kingo zilizokauka, na ya kwanza, iliyo chini kabisa, italika sawa na ya mwisho.